Unga Mweupe Kwenye Fremu za Alumini: Ujue Kwanza Unasugua Nini

Fremu ya dirisha ikianza kufanya weupe wa chaki, ukiomba ushauri utapewa wa kila namna. Mmoja atakwambia upake siki. Mwingine atakwambia msasa. Wa tatu atasema usihangaike, piga rangi juu yake yaishe. Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, ila kila mmoja amesema kweli ya fremu yake. Weupe ule una asili zaidi ya moja, na kinachoponya fremu ya aina moja ndicho kinachoharibu ya aina nyingine. Msasa huokoa alumini tupu iliyochakaa, lakini ukiupitisha kwenye alumini ya anodaizi, ile iliyokuzwa ngozi nene ya kinga kiwandani, umeondoa ngozi ambayo hakuna fundi wa nyumbani anayeweza kuirudisha. Siki huyeyusha ukoko wa alumini tupu, na ukiipaka kwenye rangi iliyopauka utasubiri hadi jioni bila kuona mabadiliko.

Kwa hiyo nusu ya kazi hii ni kutambua. Ukishajua uko juu ya uso wa aina gani, kusugua kwenyewe ni kazi ya saa chache.

Weupe hutoka wapi

Alumini ikikwanguliwa, hewa huifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksidi. Utando huo ni wa nanomita chache tu, hauonekani kwa macho, na ndio unaoilinda. Bila utando huo alumini isingefaa hata kwa sufuria. Watu wengi husema fremu yao "imeoksidika" kana kwamba oksidi yenyewe ndiyo adui, kumbe oksidi ile ya kwanza ndiyo mlinzi. Tatizo huanza pale mlinzi huyo anapotobolewa mara kwa mara na maji yaliyotuama, chumvi, au kemikali kali.

Utando huo hutulia pale ambapo kipimo cha pH kiko kati ya 4 na 8.5 hivi. Maji ya saruji na chokaa mbichi yako juu sana ya hapo, kwa hiyo huuyeyusha. Chumvi nayo hufanya kazi kwa njia yake: haihitaji ukali wa asidi, hutafuta sehemu dhaifu za utando na kuchimba vishimo vidogo sana. Ndani ya kishimo alumini huyeyuka, na ikitoka nje hukutana na maji na kugeuka haidroksidi, ule unga mweupe unaogandamana na kuwa ukoko. Unga huo huchukua nafasi kubwa mara nyingi kuliko chuma kilichouzaa. Ndiyo maana fremu inaweza kutisha kwa macho, na ukishaisafisha ukakuta chuma kilichopotea ni kidogo mno.

Jambo moja huwashangaza wengi: mara nyingi sehemu zinazonyeshewa mvua moja kwa moja ndizo zinazobaki safi, na zile zilizojificha chini ya paa au nyuma ya kingo ndizo zinazofanya weupe. Mvua huosha chumvi na vumbi. Mahali ambapo mvua haifiki lakini umande na unyevu vinafika, chumvi hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka na kulowa kila usiku. Ukitaka kujua kama una tatizo, usiangalie uso wa mbele. Pitisha kidole upande wa chini wa fremu ya juu, na kwenye pembe za reli ya chini.

Hayo ni ya alumini tupu. Weupe wa aina ya pili hauhusiani na chuma hata kidogo: ni rangi iliyochoka. Fremu nyingi hupakwa rangi ya unga inayookwa kiwandani. Jua likiipiga miaka mingi, gundi inayoshikilia chembe za rangi huvunjika, na chembe hubaki juu kama vumbi. Aina ya tatu ni alumini ya anodaizi, ambayo kiwandani ilikuzwa oksidi nene kwa umeme ndani ya asidi. Hiyo hufanya ukungu wa kijivujivu au madoa meupe yaliyoliwa. Aina ya nne si uchakavu kabisa, ni kitu kilichotua juu: chokaa ya maji magumu, matone ya saruji, chumvi iliyokauka.

Kupima kabla ya kugusa

Osha kwanza sehemu ndogo iliyofichika kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke. Kisha chukua kitambaa cheusi kikavu na usugue kwa nguvu ya kawaida. Kitambaa kikitoka na rangi ileile ya fremu, mfano kahawia kwa fremu ya kahawia, hiyo ni rangi iliyopauka. Ikiwa fremu ni nyeupe jibu hili halitoshi, kwa sababu unga wa rangi nyeupe na unga wa alumini hufanana. Hapo lowesha uso: rangi iliyopauka hurudi kung'aa kama mpya ikiwa imelowa, kisha hupauka tena ikikauka. Ukoko wa alumini ukilowa hubaki ukoko, na ukipitisha kucha utausikia unakwaruza.

Halafu dondosha tone moja la siki juu ya weupe wenyewe. Likichemka kwa vipovu papo hapo, una chokaa au saruji. Haidroksidi ya alumini haitoi mapovu, na rangi haitoi mapovu. Suuza tone hilo mara tu umeona jibu.

Inabaki kutenganisha alumini tupu na ya anodaizi, na hapa ndipo watu hukosea zaidi kwa sababu zote mbili zina rangi ya fedha. Ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iweke kwenye alama ya kupima kama umeme unapita, ile inayolia, na ubonyeze ncha mbili juu ya fremu bila kukwaruza. Oksidi ya anodaizi haipitishi umeme, kwa hiyo kifaa kitanyamaza. Kwenye alumini tupu iliyosafishwa kitalia. Ila kimya hicho si ushahidi kamili, kwa maana vanishi isiyo na rangi pia huzuia umeme, na ukoko mnene vilevile. Pima mahali palipo safi na urudie sehemu tatu au nne.

Asiye na multimita atumie polishi ya metali na kitambaa cheupe. Sugua eneo la ukubwa wa sarafu. Kwenye alumini tupu kitambaa huwa cheusi kwa sekunde chache, kwa sababu unachukua chuma chenyewe. Kwenye anodaizi, rangi au vanishi, weusi huo hautokei. Utaona uchafu wa kawaida tu, au rangi ya fremu. Mimi hukiamini kipimo hiki kuliko kuangalia kwa macho, hata kwa fremu ambayo mwenyewe anaapa kwamba anaijua.

Tuchukue dirisha moja

Tuseme ni dirisha la kusukuma lenye vioo viwili, alumini tupu ya rangi ya fedha, kitambaa kimetoka cheusi. Nguzo za pembeni zina ukungu mweupe unaofutika nusu. Reli ya chini ina ukoko uliokamatana na vumbi, na pembe zake mbili zimefanya vinundu. Kishikio cha kioo kimezungukwa na unga mweupe kwenye skrubu zake.

Kazi huanza kavu. Toa vioo vinavyosukumwa kama vinatoka kwa urahisi, kisha ondoa ukoko uliosimama kwa kipande cha mti au plastiki ngumu na brashi ya nailoni. Usitumie bisibisi wala kisu. Mkwaruzo mrefu kwenye alumini laini hauondoki bila msasa. Vaa barakoa, maana unga huu ukiruka hukera pua na koo. Zoa, ufute, ndipo ulete maji.

Osha yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ya kawaida. Usiruke hatua hii. Mafuta na masizi yakibaki juu, asidi itafanya kazi sehemu moja na kuiruka nyingine, nawe utapata mabaka.

Sasa dawa. Siki nyeupe ya kawaida yenye asidi ya asilimia 5, ichanganye na maji kiasi sawa kwa sawa. Ukipata asidi ya sitriki ya unga, weka gramu 30 kwenye lita moja ya maji; haina harufu kali na hufanya kazi vizuri vilevile. Funika kwanza mawe, marumaru na plasta iliyo karibu, kwa sababu asidi hula chokaa iliyomo. Mpira unaoshikilia kioo hauumii kwa dakika chache, ila usiuache umelowa.

Kwenye nguzo zilizosimama dawa huteleza chini kabla haijafanya lolote. Lowesha vipande vya kitambaa cha pamba au karatasi za kufutia, uvibandike juu ya ukungu na uviache dakika 5 hadi 10. Fanya kipande kwa kipande, usipake dirisha zima halafu ukaenda kunywa chai. Dawa ikikaukia juu ya alumini huacha alama zake, na kuzifuta ni kazi mpya. Epuka pia saa ambazo jua linaipiga fremu, kwani chuma cha moto hukausha dawa na kuongeza ukali wake.

Ondoa kitambaa na usugue kwa sponji ya nailoni isiyo kali, ukienda kwa urefu wa fremu siku zote, kamwe si kwa mizunguko. Alumini iliyotoka kiwandani ina mistari myepesi kwa urefu wake. Ukifuata mistari hiyo, alama zako humezwa nayo. Ukizungusha mkono, kila jua la jioni litaonyesha duara zako. Utaona maji yanakuwa ya kijivu, hata meusi. Usishtuke, hiyo ni alumini laini inayotoka pamoja na unga. Suuza kwa maji mengi, zaidi ya unavyodhani yanatosha, hasa kwenye viungo vya pembe ambako asidi hujificha. Kisha kausha kwa kitambaa, usiache ikauke yenyewe.

Subiri ikauke kabisa kabla ya kuhukumu. Alumini iliyolowa hudanganya. Ukungu uliobaki hujitokeza baada ya nusu saa. Angalia kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa fremu. Kwa dirisha letu, nguzo zitakuwa zimerudi kwenye kijivu safi baada ya mara moja au mbili. Reli ya chini itahitaji mara tatu hivi, na pembe zitabaki na madoa meusi madogo. Hayo madoa ni vishimo. Asidi imetoa unga uliokuwa ndani yake, lakini haiwezi kujaza chuma kilichoondoka.

Hapo ndipo msasa unaruhusiwa, na ni kwa alumini tupu peke yake. Tumia msasa wa maji namba 400, kisha 600, na 800 ukitaka uso laini zaidi. Ulowe muda wote, na uvutwe kwa mkono mmoja wa mfululizo kutoka pembe hadi pembe. Ukisugua doa peke yake utapata kibaka kinachong'aa katikati ya fremu iliyofifia, na kitaonekana kuliko doa lenyewe. Lengo ni kulainisha midomo ya vishimo, si kuvimaliza. Kishimo kirefu kiache. Ukikifuata hadi mwisho wake utakuwa umepunguza ukuta wa fremu ambao tangu mwanzo ni mwembamba.

Kitu kimoja nakataza bila masharti: nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Husafisha vizuri sana siku hiyo. Lakini huacha vipande vidogo vya chuma vilivyozama ndani ya alumini, navyo hushika kutu ya kahawia na kuanzisha ulaji mpya pembeni mwao. Brashi ya waya wa chuma ni hivyohivyo.

Dawa za kuepuka

Kostiki soda, magadi, dawa za kusafishia oveni na dawa nyingi za kuzibua mabomba huila alumini kwa kasi na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Uso hugeuka kijivu cheusi ndani ya dakika. Dawa za klorini za kung'arishia nguo nazo huchimba vishimo, na zikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni hatari kwa mapafu. Zisikae kwenye ndoo moja wala kwenye kazi moja.

La hatari zaidi ni dawa za viwandani za kung'arisha alumini zenye asidi ya haidrofloriki au chumvi zake za floridi. Hufanya maajabu kwa dakika moja, na ndiyo sababu huwashawishi watu. Asidi hiyo hupenya ngozi bila maumivu ya haraka na kwenda kufunga kalisi ya mwili. Kuungua kwake kunaweza kuua. Tena huchora kioo, kwa hiyo hata ungepona wewe, kioo cha dirisha kitabaki na ukungu wa milele. Soma kibandiko. Ukiona neno floridi au haidrofloriki, chupa hiyo si ya nyumbani.

Kishikio na skrubu zake

Kishikio huchakaa tofauti na fremu kwa sababu kinashikwa. Jasho lina chumvi, mafuta ya mikono hushika vumbi, na kitambaa chenye dawa ya klorini kinachopitishwa kila asubuhi humaliza kilichobaki. Weupe huanzia mahali vidole visipofika: upande wa ndani wa mkunjo, na pale kishikio kinapokutana na bamba lake.

Kabla ya yote, hakikisha ni alumini. Vishikio vingi vinavyoitwa vya alumini ni vya mchanganyiko wa zinki uliomiminwa kwenye kalibu na kupakwa kromu. Navyo hutoa unga mweupe, ila ni unga wa zinki, unaotokea pale kromu ilipotoboka. Sumaku haisaidii kwa sababu haishiki metali yoyote kati ya hizi mbili. Uzito ndio unaosema. Alumini ina gramu 2.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na mchanganyiko huo wa zinki una zaidi ya 6. Kishikio kikiwa kizito mkononi kuliko ulivyotarajia, na ukaona kingo za kromu zinamenyuka kama gamba, usikisugue. Kila unaposugua unamenya zaidi. Kikishafika hapo hubadilishwa.

Kikiwa cha alumini, kifungue. Kwa kawaida kuna skrubu ndogo ya kuzamisha chini ya shingo, inayofunguliwa kwa ufunguo wa eleni. Usizamishe ndani ya siki kishikio chenye springi. Tenganisha mkono wake na mtambo, au ukisafishe kwa kitambaa kilicholowa. Safisha kama fremu, kisha maliza kwa polishi ya metali hadi kitambaa kipya kiache kuwa cheusi sana, na uoshe mabaki ya polishi kwa sabuni. Mabaki hayo yakikaukia kwenye mikunjo hugeuka weupe mwingine, na mwenye nyumba hudhani ugonjwa umerudi.

Sasa angalia unga uliozunguka skrubu. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikutana na alumini penye maji ya chumvi, hizo metali mbili hufanya betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Skrubu itatoka safi inang'aa, tundu litakuwa limejaa unga. Ukisafisha uso na kuacha tundu lilivyo, unga utarudi palepale. Safisha tundu kwa mswaki mkavu, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu, weka washa ya nailoni chini ya kichwa chake, ndipo ufunge. Skrubu za chuma cha kawaida zilizoshika kutu zibadilishe.

Ikiwa ni rangi iliyopauka

Hapa siki iache. Unachohitaji ni kuondoa tabaka jembamba la juu lililokufa na kufikia rangi hai iliyo chini yake. Osha mara mbili, kausha, kisha tumia polishi ya rangi za magari, ile laini ya kukata kidogo. Jaribu kipande cha upana wa kiganja. Rangi ikirudi na ikabaki hata baada ya kufuta kwa spiriti, fremu inaponyeka. Ikirudi na kupauka tena baada ya spiriti, ulichokiona ni mafuta ya polishi tu.

Una nafasi ndogo ya kucheza nayo. Rangi ya unga huwa na unene wa mikromita 60 hadi 80 hivi, na kwenye kingo kali huwa nyembamba zaidi. Kitambaa kitachukua rangi kila mara, hilo ni la kawaida, ila kingo zikianza kuonyesha fedha umeshapitiliza. Kingo zisuguliwe kwa kidole kimoja na kidogo tu, au zifunikwe kwa tepu ya karatasi.

Uvimbe na mistari kama minyoo chini ya rangi ni habari nyingine. Hapo chuma kinaliwa chini, na kung'arisha juu hakufikii chanzo. Rangi iliyoinuka ikwanguliwe hadi mahali inaposhika, alumini isafishwe kwa msasa namba 320 hadi 400, ipakwe praima inayoshika alumini siku hiyohiyo, kisha rangi ya juu. Praima ya chuma cha kawaida huachia upesi ikipakwa kwenye alumini, hata kama siku ya kwanza inaonekana imeshika.

Ikiwa ni anodaizi

Tumia sabuni isiyo kali, maji, na sponji laini. Ukungu mwepesi wa anodaizi, ule unaofanana na pumzi kwenye kioo, mara nyingi hutoka kwa sponji ya nailoni nyeupe isiyo na mchanga na uvumilivu. Baada ya hapo paka nta.

Madoa ya saruji yaliyokwisha kula hayatoki. Tone la saruji mbichi likikaa saa chache juu ya anodaizi huiyeyusha, na ukilibandua unakuta doa jeupe ambalo ni umbo la tone lenyewe. Hakuna kilichobaki juu cha kusafisha; kilichopo ni upungufu. Msasa utaondoa ngozi iliyobaki pembeni na kufanya eneo lote liwe alumini tupu, na ndani ya miezi michache utakuwa na weupe wa aina ya kwanza juu ya ule wa tatu. Mafuta hulificha doa kwa wiki, kisha hushika vumbi. Kwa maoni yangu ni heri kuliacha doa, au kupaka fremu nzima rangi kwa utaratibu kamili. Kwa wanaojenga sasa, kinga ni plastiki juu ya fremu hadi lipu ikauke, na ndoo ya maji karibu ya kuosha tone papo hapo.

Ili unga usirudi

Alumini tupu uliyoisafisha iko uchi kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo siku hiyohiyo ifute kwa spiriti na uipake nta ya magari, nyembamba, kisha uifute ikishafifia. Kwenye fremu nta hudumu miezi kadhaa. Mahali penye hewa ya bahari irudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Namna ya kujua ni kunyunyiza maji: yakijikusanya kuwa matone nta ipo, yakitandaa kama shuka imekwisha. Kwenye kishikio nta huishia mikononi mwa watu baada ya muda mfupi, hivyo huko vanishi ya akriliki isiyo na rangi hufaa zaidi, tabaka mbili nyembamba juu ya chuma kikavu kisicho na mafuta. Ikianza kumenyuka iondoe yote upake upya, kwa sababu maji yanayoingia chini ya vanishi iliyoinuka hukaa humo. Mafuta ya kupikia na mafuta ya kitani wengine huyasifu. Mimi siyapaki, hugeuka gundi ya vumbi, na vumbi hushika chumvi na unyevu.

Kwenye reli ya chini, nta peke yake haitoshi. Tafuta matundu ya kutolea maji, yale madogo yaliyo upande wa nje wa reli. Kwenye madirisha mengi yaliyofanya weupe utayakuta yamezibwa na vumbi, rangi au gundi ya silikoni. Yazibue kwa kijiti, kisha mimina kikombe cha maji ndani ya reli na utoke nje ukaangalie. Maji yote yanatakiwa yatoke ndani ya dakika moja au mbili. Yakibaki yametuama, hata kimo cha milimita chache, hapo ndipo ukoko ulipoanzia, na kila ulichosugua juu yake kitafuata njia ileile hadi tundu lizibuke.